Usiku mmoja Gulu kabla ya usaili: viziba masikio, mto wangu, au niwahi siku moja?

Mwalimu_Nansana
Habari zenu wakuu. Nina usaili Gulu Jumatano, saa mbili asubuhi. Shida yangu ni kulala ugenini. Usiku wa kwanza kwenye kitanda kigeni nageuka-geuka hadi alfajiri, hata kama safari imenichosha. Usiku wa pili nalala bila shida. Nimetenga laki moja na ishirini ya kutatua hili. Nafikiria mambo matatu: ninunue viziba masikio na kitambaa cha macho, nibebe mto na shuka zangu, au nitoke Kampala Jumatatu nilipie gesti usiku mmoja zaidi. Yote matatu siwezi. Lipi lina maana?

Dereva_wa_Elegu
Mwalimu, umeleta nusu ya swali. Gesti iko barabarani au ndani? Na nini hasa kinakuamsha: kelele, joto, mbu, au unaangalia dari tu hata pakiwa kimya? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Nalongo_K
Beba mto. Mimi husafiri na mto wangu na foronya niliyoilalia wiki nzima, siifui kabla ya safari. Harufu ya nyumbani inatuliza. Mito ya gesti mingi ni mirefu mno, asubuhi shingo imekaza huwezi hata kugeuka kusalimia.

Tabibu_Lira
Dada Nalongo, shingo nakubaliana nawe. Lakini anachokieleza Mwalimu kinajulikana muda mrefu. Tangu miaka ya 1960 wanaopima usingizi maabara wamejua kwamba usiku wa kwanza mtu hulala vibaya, na wengi huutupa usiku huo wasiuhesabu kwenye vipimo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, akiwemo Masako Tamaki na Yuka Sasaki, walionyesha kinachotokea. Usiku wa kwanza, sehemu za upande wa kushoto wa ubongo hazikuzama kwenye usingizi mzito kama za kulia. Wakapiga milio midogo: iliyopitia sikio la kulia, ambalo sauti yake huenda zaidi upande wa kushoto, iliwaamsha watu haraka kuliko ya sikio la pili. Watu wale waliporudi siku nyingine mahali palepale, tofauti hiyo ilitoweka. Kwa hiyo, Mwalimu, upande mmoja wa ubongo wako unakuwa kama askari wa zamu kwenye kambi mpya. Pomboo hulala hivyo maisha yao yote, na baadhi ya ndege huweza kulala hivyo pia.

Kwa sababu hiyo kati ya matatu yako mimi nachagua kuwahi siku moja. Sharti ni kulala chumba kilekile usiku wote wawili. Ukihama gesti Jumanne usitarajie faida hiyo.

Injinia_Jinja
Basi rahisi, Tabibu. Kama zamu inashikwa na upande wa kushoto, aweke kiziba sikio la kulia tu. La kushoto abaki nalo asikie alamu.

Tabibu_Lira
Nimeona unapoelekea, kaka, ila haitafanya kazi. Kila sikio hupeleka sauti pande zote mbili za ubongo, ila upande mmoja hupata zaidi. Na kule maabara mlio uliingizwa sikio moja kwa kifaa cha kuvaa. Mlango ukigongwa kwenye korido, masikio yote mawili yanausikia. Aidha walipima kipande cha mwanzo cha usiku, kwa hiyo tusilazimishe matokeo yale yaeleze usiku mzima. Akiweka, aweke yote mawili. Alamu atie simu kwenye mtetemo, chini ya mto.

Afande_Mstaafu
Mimi naomba niwaambie kuhusu viziba, maana vilinitupa mkono siku niliyovihitaji. Nilikwenda Mbarara kwenye kesi ya ardhi ya familia. Gesti nzuri, mashuka safi. Saa nne usiku umeme ukakatika, wakawasha jenereta iliyokuwa uani, ukuta uleule uliokaa kichwa cha kitanda changu. Nikaweka viziba vya spanji. Sauti za watu na mlio wa televisheni ya mapokezi zikapotea kabisa, lakini ule mngurumo ulibaki palepale, tena ukawa ndio kitu pekee ninachosikia. Nilipoweka kiganja kwenye mbao za kitanda nilihisi zinatetemeka. Umeme uliporudi jenereta ikazimwa ghafla, na ukimya wenyewe ukaniamsha. Asubuhi nilikuwa mbele ya hakimu, wakili wangu ananikumbusha namba za ploti ambazo nazijua tangu ujana.

Tangu hapo, kabla sijalipa chumba nauliza jenereta iko wapi, kisha nazunguka nyuma ya jengo niione kwa macho. Naomba chumba cha upande wa pili na kitanda kisigusane na ukuta.

Tabibu_Lira
Afande, umesema kweli tupu. Spanji huzuia vizuri sauti nyembamba, mingurumo minene kidogo tu, na mtetemo unaopanda kwa kitanda haupiti sikioni kabisa. Na wengi hawaviweki sawa. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, ukishikilie nusu dakika kivimbe. Kisha funika masikio kwa viganja: kelele ikipungua sana, bado hakijakaa.

Kikuubo_Jumla
Nyote mnazunguka. Ni kunguni hao! Mwalimu, geuza godoro, angalia mishono ya pembeni na nyufa za kitanda kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi kama wino, ondoka. Begi usiliweke kitandani wala chini.

Dereva_wa_Elegu
Mzee, amesema usiku wa pili analala. Kunguni hawampi mtu likizo usiku wa pili.

Nalongo_K
Ila ushauri wa kukagua ni mzuri hata hivyo. Na mimi viziba vya masikio yote mawili sivikubali kwa mwanamke aliye peke yake. Nikisikia mlango ndipo ninapolala. Nabeba kabari ya mbao, naisukuma chini ya mlango kwa kisigino. Nikishaisukuma, mwili wenyewe unalegea.

Injinia_Jinja
Na moto ukitokea, kabari hiyo utaikumbuka gizani?

Nalongo_K
Naiweka mwenyewe, kaka, na naitoa mwenyewe. Funguo za gesti zina nakala ngapi, unajua?

Mwalimu_Nansana
Asanteni. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa darasani. Gesti niliyoshika iko karibu na stendi ya mabasi. Huwa siangalii dari: nasinzia, kisha nashtuka kila honi na kila mlango. Joto pia linanisumbua, na chumba kina feni.

Dereva_wa_Elegu
Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Stendi mabasi yanaanza kupiga honi kabla ya alfajiri. Hata uende siku tatu mapema, honi ni honi. Badilisha gesti kwanza, ndipo uhesabu hela.

Tabibu_Lira
Nakubali. Gesti ya ndani, usiku wa Jumatatu na Jumanne chumba kimoja, na viziba vya spanji ambavyo bei yake ni ndogo. Feni iache iwake usiku kucha, sauti yake ya mfululizo inafunika milango. Umeme ukikatika sauti hiyo inapotea, kwa hiyo pakua mapema sauti ya feni au mvua kwenye simu.

Nalongo_K
Na neti? Za gesti zina matundu. Beba yako, ya pembe nne, na kamba. Gulu si mahali pa kubahatisha malaria.

Afande_Mstaafu
Neti ya pembe nne utaifunga wapi kama ukuta hauna misumari? Ya duara, ndoano moja darini.

Nalongo_K
Ya duara inakushika miguu, Afande, na mbu anakuuma pale inapogusa ngozi.

Mwalimu_Nansana
Nimepata gesti nyingine, iko nyuma ya shule. Nimewapigia, wanasema jenereta ipo lakini mhudumu hajui iko upande gani. Bado sijaamua Jumatatu, mwalimu mkuu hajanipa ruhusa.