Naomba ushauri: sonona, wasiwasi na "mawazo mengi"

Habari zenu ndugu wanachama, na shikamooni wakubwa.

Ninaandaa kwa Kiswahili dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kwa zahanati moja ya Tanga. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Nimekwama kwenye swali la 2, la huzuni na kukata tamaa. Nilipojaribu "sonona", wazee wengi hawakulijua neno. Mama mmoja alijibu hana, kisha akaeleza kuwa ana mawazo mengi, halali, na moyo wake ni mzito. Nilipoweka "kuwa na mawazo mengi", karibu kila mtu alikubali, hata anayewazia ada ya shule tu. Hapo alama zinapanda bila ugonjwa.

Kwa hofu ya kudumu natumia "wasiwasi", ila baadhi ya Waislamu wanaelewa wasiwasi wa shetani kwenye swala.

Je, niandike "moyo kuwa mzito na kukata tamaa", au mawazo mengi yawe swali la pembeni lisilohesabiwa? Na "kuwa roho juu" inaeleweka pia huko bara?