Amenicheka mbele ya mteja akauliza, "Nani husoma risiti?"

Mkaguzi_Mchovu: Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule bwana wa nembo, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa nyote mmekwisha kuonja machungu yake, leo amenicheka mbele ya mteja na kuuliza, "Nani husoma risiti?"

Niliitwa kukagua chapa ya duka ambalo nembo yake aliichora yeye. Nilipiga picha kibao mchana na usiku, nikachapisha kurasa za mitandao ya kijamii, nikachukua kisanduku kutoka ghalani badala ya kuamini mchoro wa kompyuta, nikanunua bidhaa ili nipate risiti halisi, kisha nikavipanga vyote juu ya meza moja. Kibao kilikuwa na jina la maneno matano, ukurasa ulikuwa na mawili, kisanduku kilikuwa na herufi za mwanzo tu, na risiti ilikata jina katikati ya neno kana kwamba mashine ilishikwa na kwikwi. Jani la nembo, ambalo wekundu wake hufifia taratibu hadi rangi ya chungwa, lilitoka kama mende aliyekanyagwa. Namba ya simu iliyokuwa chini yake ilikwisha kuachwa siku nyingi. Nilipomwonyesha namba hiyo ndipo akacheka hadi miwani ikamdondoka: "Nani husoma risiti?" Anayetaka kurudisha bidhaa, bwana wee! Huyo ndiye anayeisoma!

Bwana_Vinili: Pole, mkuu. Kwikwi hiyo ina sababu. Mashine nyingi za karatasi ya milimita 58 huchapa nukta 384 kwa upana, na kwa herufi za kawaida mstari mmoja hubeba herufi 32. Jina likizidi hapo, hukatwa au humwagikia mstari wa pili. Mashine hiyo pia haina kijivu, bali huunguza nukta au huiacha, kwa hiyo nembo yenye rangi zinazofifia lazima iwe na toleo lake la weusi mtupu, lenye mistari minene. Je, alikabidhi toleo hilo?

Mkaguzi_Mchovu: Alikabidhi faili moja la JPEG, dogo kuliko stempu, halafu akauliza nani husoma risiti.

Hesabu_Safi: Mleta uzi, ukaguzi bila kulinganisha risiti na daftari la mauzo haujakamilika. Mauzo ya mwezi yalipishana kwa kiasi gani?

Kicheko_Bure: Mhasibu amepotea njia, mwelekezeni. Nawe mleta uzi, picha yako hapa ina jina moja, saini yako ina jingine, na unajiita mkaguzi wa ulinganifu.

Rangi_Moja: Mnazunguka bure. Andikeni msimbo mmoja, kwa mfano #C8102E, muupeleke kwa mchora kibao, mpiga chapa na msimamizi wa kurasa, na rangi zitafanana kila mahali.

Bwana_Vinili: Msimbo huo ni lugha ya skrini, nao hufaa kwa kurasa tu. Wino ukiingia kwenye karatasi ya kaki hunywewa, na wekundu wake huelekea kahawia hata kama mpiga chapa hakukosea chochote. Ndiyo maana huomba kipande kilichochapwa kwenye karatasi ileile, nikakitazama kikiwa kimekauka, kwa mwanga wa mchana. Kibao nacho hupaushwa na jua. Ukifungua kofia ya skrubu moja utaona rangi ya siku kilipobandikwa, na kama hapo chini ni nyekundu sahihi, basi aliyekosea ni jua, si mchoraji.

Mkaguzi_Mchovu: Nilifungua skrubu mbili. Chini yake kulikuwa na rangi ya zambarau.

Kicheko_Bure: Basi jua lilikuwa linamrekebishia kazi yake.

Mama_Sare: Heri yenu. Mimi nilitarizi nembo kwenye sare 40, na maneno madogo yaliyo chini yake yakajaa uzi hadi yakawa kama kiwavi. Fundi akaniambia nisimame mbali.

Rangi_Moja: Nakubali kuhusu karatasi. Hata hivyo, jina la kwenye risiti huenda ni lile lililosajiliwa, na huwezi kulifupisha kwa kupenda.

Bwana_Vinili: Hoja hiyo ina uzito. Mimi huweka jina la kibao juu kwa herufi kubwa, na lile la usajili chini kwa herufi ndogo, ingawa mteja mmoja aliwahi kunikatalia akisema wanunuzi watadhani ni maduka mawili.

Mkaguzi_Mchovu: Ingefaa tuulize kwanza nani husoma risiti.

Mama_Sare: Hivi, uzi uliojaa ndani ya herufi unafumuliwaje bila kutoboa kitambaa? Nina sare 38 bado.

Hesabu_Safi: Na mbili zimekwenda wapi?