Mrejesho: sakafu ya bei imeokoa faida, ila si kwa bidhaa zote

Niliuliza: "Programu inashusha bei yangu kila mshindani anaposhusha, faida imeisha. Sakafu, yaani bei ya chini kabisa ambayo programu isiivuke, niiweke wapi?"

Asanteni sana, ndugu zangu. Aliyenikosoa hesabu ndiye aliyeniokoa. Nilikuwa nachukua gharama 72 na faida 5, kisha naongeza asilimia 15 ya kamisheni, napata 88.55. Kumbe kamisheni hukatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo unagawanya:

```
(72 + 5) / (1 - 0.15) = 90.59
```

Kwa sakafu ile ya zamani nilikuwa nabaki na 3.27 tu.

Nilifuata pia ushauri wa kutoganda sakafuni: mshindani akishuka chini yake, programu irudishe bei yangu 99. Usiku mmoja alifika 86, yangu ikapanda. Siku mbili sikuuza kitu, na roho iliniuma kweli. Siku ya tatu mzigo wake ukaisha, nikauza kwa 99.

Palipokwama ni bidhaa zinazorudishwa mara kwa mara. Gharama ya marejesho sikuiingiza kwenye ile 72, na bidhaa moja bado inanitia hasara. Hiyo nimeitoa kwenye programu hadi niihesabu upya.