Naomba ushauri: npm ci inagoma baada ya kuhamia Node 22

Wakuu, habari za kazi. Nimehamisha mradi kutoka Node 20 kwenda 22 kwa nvm. Programu ikagoma kuwaka, ikidai better-sqlite3 imejengwa kwa NODE_MODULE_VERSION 115 wakati inatakiwa 127. Nikafuta node_modules, kisha:

```
nvm use 22
npm ci
```

Sasa usakinishaji wenyewe unakwama kwenye node-gyp. Naona package-lock.json imeshikilia toleo la zamani la better-sqlite3, lisilo na faili lililojengwa tayari kwa Node 22, hivyo npm inajaribu kulijenga upya na kufeli. Nikirudi 20, inapita.

Kufuta package-lock.json yote sitaki, maana vifurushi vingine vitapanda matoleo na seva bado iko 20. Je, nipandishe better-sqlite3 peke yake? Na .nvmrc niibadilishe kabla ya seva au baada?