Dobi ameyeyusha gomesi ya mama, halafu anadai kitambaa ni feki!

Binti_Bombo:

Wadau, leo sina salamu. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Mama alishonesha gomesi mpya ya satini rangi ya zambarau, mita sita nzima, ya kuvaa kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha wakwe, ya dada yangu. Nikaipeleka kwa dobi mmoja wa hapa mtaani (simtaji, ila wa hapa mtajua) pamoja na kanzu za pamba za wajomba. Kanzu zimerudi safi, sina neno. Gomesi imerudi na alama ya pembetatu mbele, chini kidogo ya pale mkanda unapokaa. Ukipitisha kidole unahisi kitambaa kimekuwa kigumu na chembamba, kinang'aa kama kimepakwa gundi. Katikati nyuzi zimeshikana kabisa, huwezi kuona moja wala ya pili. Pembeni kimejikunyata mpaka mshono umevutwa.

Naenda kumwuliza, ananijibu bila aibu: "Nnyabo, hiki kitambaa ni feki cha Kichina. Mbona kanzu zimepigwa kwa pasi hiyohiyo na hazikuungua?" Kijana wake anaongeza eti walipunguza joto kwanza, wakazungusha mpaka alama ya nailoni, ndipo wakaendelea na gomesi.

Sasa mimi niamini nini? Kama walipunguza, imeunguaje? Na kama kitambaa hakifai kwa pasi, kwa nini alipokea pesa yangu badala ya kunirudishia? Kuna mtu humu anayejua hizi kazi anieleze, maana kesho narudi pale na sitaki kuzungushwa.

Kijana_wa_Boda:

Pole dada. Tatizo hapo ni maji. Hakunyunyiza. Nguo yoyote ukiilowesha kidogo haiungui, mimi shati zangu zote nafanya hivyo.

Mama_Swabra:

Pole sana mwanangu. Na mimi shati la shule la mtoto limekuwa la njano kwenye kola kwa sababu ya pasi, shati jeupe la pamba. Nimeliloweka na ndimu nikalianika juani, limeng'aa kidogo. Jaribu ndimu kwenye hiyo gomesi.

Fundi_Jinja:

Mama Swabra, heshima yako, lakini hayo ni maradhi mawili tofauti. Pamba haiyeyuki. Inababuka, inageuka njano, halafu kahawia, ikizidi inakuwa mkaa. Ule unjano wa mwanzo uko juujuu, ndiyo maana ndimu na jua vinaupunguza. Satini ya madukani siku hizi karibu yote ni poliesta, na poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Ikipata joto inalegea, nyuzi zinabanwa zinakuwa bapa, ndiyo ule mng'ao. Ikizidi zinashikana na kusinyaa. Hakuna doa la kutoa pale, umbo la uzi lenyewe limeharibika. Ndimu haitafanya kitu.

Binti Bombo, sasa kuhusu huyo dobi. Alama zile za nukta kwenye pasi zina maana yake. Nukta moja ni kama nyuzijoto 110, mbili ni kama 150, tatu ni kama 200. Poliesta inapigwa kwenye moja au mbili, pamba kwenye tatu. Kuyeyuka kabisa poliesta inahitaji kama 250 hivi, lakini inaanza kulegea na kunata kabla ya hapo, hasa ukiigandamiza. Kwa hiyo pasi iliyofanya ulichoeleza ilikuwa moto kuliko hata alama ya pamba. Pasi nyingi zina alama ya kitani mwishoni kabisa, na dobi mwenye haraka ya kunyoosha kanzu huzungusha mpaka huko.

Kijana wake huenda hasemi uongo kwamba walizungusha kurudi nyuma. Ila kile kidude hakipoozi pasi! Kinaiambia tu isichukue umeme mpaka ipoe yenyewe. Chuma cha chini kimebeba moto wote wa kanzu, na kinapoa polepole. Ukizungusha sasa hivi na kuishusha kwenye gomesi sasa hivi, umeshusha joto la kanzu.

Binti_Bombo:

Sawa, hapo nimeanza kupata cha kumwambia. Lakini atajuaje kwamba imepoa? Asije akaniambia hana kipimo.

Fundi_Jinja:

Taa ndiyo kipimo chake. Ukirudisha nyuma, taa inazimika na kubaki imezimika muda wote pasi inapopoa. Pasi ikifika kwenye joto ulilochagua, taa inawaka tena yenyewe. Hapo ndipo unaanza. Kabla ya hapo ni dakika kadhaa, na kwa pasi nzito ni zaidi. Ndiyo maana mimi cherehani kwangu natanguliza nailoni na satini pasi ikiwa bado ya uvuguvugu, sufu inafuata, pamba na kitani za mwisho. Kupanda ni haraka, kushuka ni kazi.

Na hata wakati wa kupanda, mara ya kwanza pasi ya bei nafuu huvuka alama kabla ya kujizima. Iache izime na kuwaka angalau mara moja bila nguo.

Dobi_Kisenyi:

Mnatuonea. Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu. Umeme ukikatika sisi tunarudi kwenye pasi ya mkaa, na hiyo haina taa wala nukta. Mteja hajui hata kitambaa chake ni cha nini, kimekatwa kwenye rola pale Kikuubo bila lebo, anakwambia "ni satini tu". Satini ni namna ya kufuma, inaweza kuwa hariri, inaweza kuwa plastiki. Nitajuaje?

Mimi natumia maji. Nachovya vidole, narusha tone kwenye chuma. Tone likikaa na kukauka polepole, ni baridi. Likichemka na kufanya "chiii" na kukauka hapohapo, linafaa kwa nguo nyororo. Likiruka na kuteleza bila kushika chuma, hiyo ni ya pamba peke yake, satini usiiguse. Kwa pasi ya mkaa fungua kifuniko, toa makaa mawili matatu, subiri, rusha tena.

Kijana_wa_Boda:

Si nilisema ni maji!

Dobi_Kisenyi:

Wewe ulisema anyunyize gomesi. Satini ukiinyunyizia matone inabaki na madoa ya maji, mwenye nguo atakuja na hasira mara mbili.

Fundi_Jinja:

Kijana wa boda ana nusu ya jambo. Maji yanakinga, ila yasirushwe kwenye satini yenyewe. Chukua kipande cha pamba nyeupe isiyotoa rangi, kiloweshe, kikamue sana. Geuza gomesi ndani nje, weka kipande juu, shusha pasi, hesabu kidogo, inua. Usiburute. Kipande kikiwa bado na unyevu, joto linalofika kwenye satini halizidi sana 100, kwa sababu moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Mvuke ukikoma, kinga imeisha, inua haraka. Halafu usiikunje ikiwa ya moto. Poliesta ikipoa na mkunjo inaubakiza.

Mama_Swabra:

Kumbe lile shati la mtoto si pamba tupu, lebo inasema pamba na poliesta pamoja. Nipige kwa ipi?

Fundi_Jinja:

Kwa ile dhaifu, mama. Nukta mbili.

Binti_Bombo:

Nimerudi. Kwanza kuhusu "feki": nimekata uzi kwenye ziada ya mshono ndani nikauchoma na kiberiti juu ya sahani. Umejivuta, umeyeyuka, moshi mweusi wenye masizi, mwisho imebaki punje nyeusi ngumu ambayo haipondeki kwa vidole. Nikachoma na uzi wa kanzu ya mjomba kulinganisha: umewaka kama karatasi, majivu ya kijivu, yamepeperuka.

Fundi_Jinja:

Plastiki basi. Nailoni nayo inaacha punje, ila kwa kawaida rangi yake huwa ya kijivu au kahawia na masizi si mengi. Masizi meusi yananipeleka kwenye poliesta. Lakini iko satini nyingine ya asetati, inaonekana kama hariri na ni dhaifu zaidi kwa joto. Una dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni? Weka uzi humo. Asetati inalainika na kunata. Poliesta haijali.

Binti_Bombo:

Nimeweka, nimekoroga kwa njiti. Uzi uko vilevile, imara. Kwa hiyo ni poliesta ya kawaida kabisa, ileile inayovaliwa kila kwanjula Uganda nzima! Feki iko wapi? Yeye na mimi tumeshaona gomesi ngapi za namna hii zikitoka pale salama?

Dobi_Kisenyi:

Mimi namtetea kidogo tu. Huenda kidhibiti joto cha pasi yake kimekufa. Kikishikana, unazungusha unavyotaka na pasi inaendelea kupanda. Nimewahi kuwa nayo, niliitupa.

Fundi_Jinja:

Inawezekana. Lakini angekuwa ameijaribu kwanza kwenye ziada ya mshono wa ndani, mahali pasipoonekana, angeijua hapo. Pasi yenye moto wa kupita kiasi kwenye poliesta hujitangaza: inakataa kuteleza, unahisi inanata. Ukihisi hivyo unainua papo hapo. Huyu alisukuma mpaka ikaacha umbo la pasi zima. Tena mwambie aangalie uso wa pasi yake. Plastiki iliyobaki pale itahamia kwenye kanzu jeupe la mteja anayefuata. Aipashe kidogo, aisugue kwenye kitambaa kikuukuu cha pamba, asikwangue kwa kisu.

Kijana_wa_Boda:

Mkanda wa gomesi ni mpana, si aushushe ufunike?

Binti_Bombo:

Mama akikaa chini mkanda unapanda, alama inatoka. Na wakwe wote wako mbele.

Fundi_Jinja:

Rudi na gomesi kwa aliyeishona, aangalie kama kipande cha mbele kinaweza kubadilishwa bila kugusa mabega. Muhimu ni kitambaa kutoka rola ileile. Zambarau ya rola nyingine inaweza kulingana dukani na kutofautiana juani.

Binti_Bombo:

Muuza kitambaa amesema rola ile imeisha, bado anaangalia ghala. Akipata, dobi atalipa kipande na ushonaji. Asipopata, atalipa mita sita. Dobi Kisenyi, wewe kama mwenzake, hiyo ni haki au si haki?

Dobi_Kisenyi:

Kipande, ndiyo. Mita sita mtagombana.