Naomba ushauri: mstari mwekundu wa haidrojeni unanipiga chenga

Wakuu, shikamooni. Nafundisha tuisheni ya fizikia kwa kidato cha sita hapa Ngamiani, Tanga. Jana binti mmoja alinibana mbele ya wenzake.

Tulikuwa tunatafuta urefu wa wimbi wa mwanga unaotoka elektroni ikishuka kutoka ngazi ya 3 kwenda ya 2, kwa modeli ya Bohr ya 1913:

1/λ = R(1/2² − 1/3²)

Kwa R = 1.09737 × 10⁷ kwa mita, mabano yanatoa 5/36, na λ inakuja nanomita 656.1. Jedwali la maabara linasema 656.3. Binti akauliza 0.2 imepotelea wapi. Nikasema ni kukadiria tu. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika.

Usiku nikakumbuka kwamba R hiyo inachukulia kiini hakisogei kabisa. Protoni ina masi mara 1836 ya elektroni, kwa hiyo nayo huyumba kidogo. Nikazidisha jibu kwa (1 + 1/1836), nikapata 656.5. Sasa nimepitiliza!

Nahisi jedwali limepimwa hewani, si kwenye ombwe. Nikigawanya kwa 1.00028, kipeo cha mpindo cha hewa, napata 656.3 barabara. Ila naogopa kwamba nimelazimisha hesabu ifike ninapotaka.

Je, hoja hii ya hewa ni sahihi? Na kwenye mtihani, mwanafunzi aishie 656.1?