Nimekwama kilo 81, niache matunda?

MamaWawili, Moshi
Habari za jioni wapendwa. Nilianza na kilo 84, nikashuka hadi 81, sasa wiki ya tano mizani haisogei. Soda na maandazi nimeacha. Asubuhi chai na chapati moja, pamoja na ndizi mbivu mbili. Saa nne naletewa dukani juisi ya embe na pasheni, glasi ya nusu lita. Jioni napata papai. Mwalimu wa mazoezi anasema niache matunda yote, sukari yake inageuka mafuta. Ni kweli? Nikiacha papai najijua, nitarudi kwenye maandazi.

KijanaWaSakina
Kweli dada. Sukari ya matunda inaenda kwenye ini, linaigeuza mafuta. Mimi tunda mwisho saa sita mchana.

BibiLishe
Mdogo wangu, ini kweli linaipokea, ila mafuta yanajilundika pale unapokula kuliko mwili unavyotumia. Ndizi ya wastani ina kalori kama 100 na inakuja na nyuzinyuzi. Unaitafuna, tumbo linajua limekula. Saa haibadilishi hesabu hiyo. MamaWawili, wasiwasi wangu ni juisi. Kesho simama anapoitengeneza, uhesabu.

BabaG
Mzee wangu ana kisukari, kwa hiyo naye aendelee na ndizi?

BibiLishe
Hilo ni jambo jingine, ndugu. Kiasi chake kinategemea dawa na vipimo vyake, muulizeni kliniki.

MamaWawili
Nimesimama leo. Glasi yangu inabeba embe kubwa zima, pasheni tatu na sukari vijiko vitatu vya chakula. Halafu anachuja!

BibiLishe
Embe hilo ni kalori kama 200. Kijiko cha sukari karibu 50, vitatu 150. Glasi yako inafika 350, zaidi ya ndizi tatu, na unaimaliza kwa dakika mbili kisha mchana unakula wali uleule. Wiki mbili acha juisi peke yake, vingine usiguse, ili ujue kilichokukwamisha. Saa nne kula chungwa, na nyama zake zote. Pima kiuno kwa futi ya fundi kabla ya kunywa chai. Baadaye tutaongea kuhusu ndizi: zikae mahali pa chapati, sio juu yake.

KijanaWaSakina
Na isipochujwa?

BibiLishe
Ni afadhali, nyuzinyuzi zinabaki. Lakini embe mbili za kunywa zinapita kirahisi, za kutafuna utachoka.

MamaWawili
Wiki mbili zimeisha. Kilo 80.2, kiuno kimepungua sentimita moja. Papai sijaacha hata siku moja. Mwalimu bado anasema ni maji tu yametoka, naendelea kupima. Saa nne ndipo pagumu, chungwa moja halinitoshi. Nikiongeza la pili, nitaharibu?